Kutoka "Njooni Tule Migebuka" Hadi Kadi ya Uzinduzi

Ujumbe ulioletwa dukani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, ulikuwa hivi. Nimeruhusiwa kuunakili, ila jina la kampuni hiyo ya samaki nimelificha:

> "Wanangu wa nguvu! Kampuni yetu inagonga miaka 10! Alhamisi tarehe 24 mwezi wa tisa tunakutana Kibirizi, tule migebuka ya kuchoma, tukate keki, tuzindue chumba chetu kipya cha baridi, halafu dijei atuweke macho mpaka kuche. Mgeni rasmi ni Mkuu wa Mkoa mwenyewe! Rangi zetu nyeupe na bluu. Njoo na mwenzako, usiseme hukuambiwa!"

Aliyeuandika ni kijana wa masoko, na ulikuwa umeshazunguka kwenye makundi ya wasapu ya wafanyakazi. Bosi wake alitaka kadi 150 zenye maneno hayohayo, "ila yawe ya kiofisi, dada yangu."

Nafanya kazi ya kuchapa kadi, na maombi ya namna hii nayapokea kila msimu wa sherehe. Nataka nieleze hili moja kwa kirefu, kwa sababu watu wengi hudhani kugeuza mwaliko wa bata kuwa mwaliko rasmi ni kubadilisha maneno: unatoa "wanangu wa nguvu," unaweka "tunayo furaha kubwa isiyo na kifani," kazi imekwisha. Hapo ndipo kadi nyingi zinapoharibika. Ujumbe wa yule kijana ulikuwa mzuri kwa waliokusudiwa. Walioupokea wanamjua anayesema, wanajua geti la kampuni liko wapi, wanajua wakichelewa saa mbili watakuta nyama bado iko jikoni. Mambo mengi hayakuandikwa kwa kuwa yanajulikana. Kadi rasmi inakwenda kwa meneja wa benki, kwa ofisa wa forodha, kwa mteja wa Bujumbura ambaye hajawahi kufika Kibirizi. Hao hawajui lolote kati ya hayo. Urasmi wa kadi unaanzia pale unapoyaandika yote ambayo mualikwa wa kwanza aliyajua kwa mazoea.

Kijana alikuwa ameshajaribu kuugeuza mwenyewe. Nilisoma: "Uongozi na wafanyakazi wote tunayo furaha isiyo na kifani kukualika wewe mpendwa wetu katika sherehe kabambe ya aina yake ya miaka 10 ya mafanikio makubwa." Sentensi ndefu, lakini ukiisoma mara mbili utaona hujui ni saa ngapi, unaitiwa nini, na nani hasa amekuita. Sifa zimejaa mahali pa taarifa. Mimi huanza kwa kuzifuta zote, kisha naona kimebaki nini. Hapa kilibaki "miaka 10."

Kwa hiyo tulikaa na bosi tukaanza upya, na swali langu la kwanza likawa nani anaalika. Katika ujumbe wa wasapu ni "sisi." Kwenye kadi "sisi" haitoshi, kwa sababu mualikwa anatakiwa ajue nani atampokea, na akiwa na udhuru amjibu nani. Kampuni ina Bodi, ina Mkurugenzi Mtendaji, ina meneja wa kiwanda. Kanuni ninayoifuata ni kwamba anayealika awe ndiye atakayesimama mlangoni kumpokea mgeni mkubwa kuliko wote. Wakaamua ni Mkurugenzi Mtendaji, kwa niaba ya Bodi. Mstari wa kwanza wa kadi ukapatikana.

Swali la pili ni watu wanaitwa kwenye nini. Ujumbe ulikuwa na mambo manne kwenye kapu moja: miaka 10, keki, chumba cha baridi na dijei. Nikamuuliza bosi, "Mkuu wa Mkoa akifika, mkono wake utafanya nini?" Akajibu, atakata utepe na kufunua jiwe la uzinduzi kwenye chumba cha baridi. Basi hicho ndicho kiini cha kadi. Chumba hicho kitahifadhi migebuka ya wavuvi isioze kabla ya kusafirishwa, na kiongozi wa serikali ana sababu ya wazi ya kuja kukizindua. Miaka 10 ni tukio linaloizunguka shughuli hiyo. Keki ni ya wenye nyumba.

Hapo tukaigawa siku vipande viwili. Asubuhi ni hafla rasmi, inayoisha kwa chakula cha mchana. Jioni ni ya wafanyakazi na familia zao, na huko dijei, keki na migebuka ya kuchoma vinabaki kama vilivyo. Ujumbe wa kijana haukufutwa. Ulipunguzwa tu sentensi ya Mkuu wa Mkoa na ukawekewa saa 12 jioni. Nalisisitiza hili kwa kila anayekuja na kazi kama hii. Ukijaribu kuyabeba yote mawili kwenye kadi moja, mgeni rasmi anakaa kwenye kelele na wafanyakazi wanakaa wamejikunyata kwenye sherehe yao wenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo ujumbe ulilitangaza mapema mno: "Mgeni rasmi ni Mkuu wa Mkoa mwenyewe!" Nikauliza kama amejibu. Hakuwa ameombwa. Bosi alitarajia kumpelekea kadi pamoja na wengine.

Mgeni rasmi haalikwi kwa kadi. Anaombwa kwa barua, na kadi huchapwa baada ya jibu lake. Barua hiyo ina sura yake: kumbukumbu namba na tarehe juu, anwani ya Ofisi ya Mkuu wa Mkoa, kisha kichwa kinachoanza na "YAH." Tulikiandika hivi: "YAH: OMBI LA KUWA MGENI RASMI KATIKA UZINDUZI WA CHUMBA CHA BARIDI CHA KUHIFADHIA SAMAKI, KIBIRIZI." Chini yake "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu," kisha aya tatu fupi. Ya kwanza inasema kampuni ni ya nani na inafanya nini. Ya pili inasema kitakachozinduliwa ni nini, kina uwezo gani na kinamhudumia nani. Ya tatu inataja siku, saa, mahali, na kile anachoombwa kufanya: kukata utepe, kufunua jiwe, kutoa hotuba ya dakika kadhaa. Inaambatanishwa na rasimu ya ratiba na taarifa fupi ya mradi yenye ukurasa mmoja au miwili, kwa sababu wanaomwandalia hotuba watahitaji takwimu za kuweka humo. Nakala inakwenda kwa Mkuu wa Wilaya. Mimi hushauri barua iondoke wiki 6 kabla. Inaweza kujibiwa mapema, inaweza pia kujibiwa kwamba siku hiyo ana ziara wilayani, na bado unakuwa na muda wa kuhamisha tarehe kuliko kuhamisha mgeni.

Akikubali, kwenye kadi tunaandika cheo: "Mkuu wa Mkoa wa Kigoma." Jina nimeliondoa kwa makusudi. Kila Mtanzania anajua mkeka wa uteuzi ukitoka usiku, asubuhi ofisi ina mtu mwingine, na kadi 150 zenye jina la aliyehamishwa haziwezi kugawiwa. Cheo hakihami. Vilevile akipata dharura na kumtuma Mkuu wa Wilaya amwakilishe, kadi inabaki sahihi, na mshereheshaji atasema ukumbini anayemwakilisha ni nani.

Baada ya hapo kadi yenyewe ilikuwa fupi kuliko ujumbe wa wasapu ungekufanya udhani:

> Mkurugenzi Mtendaji wa Kampuni ya ....................
> kwa niaba ya Bodi ya Wakurugenzi
> ana heshima ya kumwalika
> Mhe./Bw./Bi. ........................................
> katika hafla ya uzinduzi wa chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki,
> ikiwa ni maadhimisho ya miaka 10 ya kampuni,
> itakayofanyika Alhamisi, tarehe 24 Septemba 2026,
> katika eneo la kampuni, Kibirizi, Manispaa ya Kigoma/Ujiji.
>
> Mgeni rasmi: Mkuu wa Mkoa wa Kigoma
>
> Waalikwa wawe wameketi ifikapo saa 3:30 asubuhi.
> Mavazi: nadhifu
> Kadi hii ni ya mtu 1. Tafadhali njoo nayo.
> Thibitisha kabla ya tarehe 14 Septemba kwa simu namba ....................

Angalia neno "itakayofanyika." Linasimama mbali na "hafla," na katikati zimepita nomino nyingine: uzinduzi, chumba, maadhimisho, kampuni. Hapa ndipo kadi nyingi rasmi hujikwaa. Mwandishi anafika kwenye kitenzi ameshasahau alianza na nini, anaandika "utakaofanyika" kwa sababu sikioni bado ana "uzinduzi," au "yatakayofanyika" kwa sababu neno la karibu ni "maadhimisho." Mara nyingine nakuta "utakayofanyika," ambayo haiungani na chochote. Kinga yake ni rahisi: funika kwa kidole kila kilicho kati ya "hafla" na kitenzi, soma viwili hivyo peke yake. Kama vinasalimiana, sentensi ni nzima. Fanya hivyohivyo kwa "ana heshima ya kumwalika." Ukiwa na mstari wa kuandika jina, ni kumwalika huyo mwenye jina, ukiweka "kukualika" hapo, jina linaning'inia halina kazi. Na bahasha ikienda kwa mume na mke, ni "kuwaalika," na idadi ya watu chini ibadilike kuwa 2. Kwa hiyo tulichapa mafungu mawili, la mtu 1 na la watu 2. Ile "njoo na mwenzako" imehamia hapo, na sasa mpishi anajua apike sahani ngapi.

Siku na tarehe nilizihakiki kwenye kalenda, neno kwa neno. Tarehe 24 Septemba 2026 ni Alhamisi kweli. Hili linaonekana dogo mpaka uone kadi inasema Ijumaa huku tarehe ikiwa ya Alhamisi, na nusu ya wageni wanapiga simu kuuliza, nusu nyingine hawapigi.

Mavazi yalinifanya nibishane kidogo na kijana. Alitaka nyeupe na bluu zibaki. Rangi za sare ni raha ya kundi la watu wanaojuana. Huwezi kumwagiza ofisa wa serikali au sheikh avae rangi za kampuni yako. Nyeupe na bluu zikaenda kwenye ujumbe wa jioni.

Sasa saa. Kwa mji kama Kigoma hapa ndipo pa kuwa makini kuliko kwingine kote, kwa sababu wageni wetu wanatoka ng'ambo ya mipaka miwili. Kampuni hii inauza Bujumbura na Kalemie, na wateja wa huko wako kwenye orodha. Burundi na upande ule wa Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa 3:30 asubuhi, kwao ni saa 2:30. Mfikirie mteja anayelala nyumbani Burundi halafu anavuka Manyovu asubuhi ya siku yenyewe. Akiondoka saa 12 alfajiri kwa saa ya kwao, anahesabu ana saa tatu na nusu. Kumbe ana mbili na nusu, na mpakani bado kuna foleni ya kugonga mihuri. Anaingia mgeni rasmi ameshaketi, wimbo wa taifa umeshapigwa, na anasimamishwa nje mpaka hotuba iishe. Ni aibu kwa mtu aliyetoka mbali kwa heshima yako.

Tena kuna namna sisi tunavyohesabu saa. Kijana alikuwa ameshaanza kutafsiri kadi ya Kifaransa kwa wageni hao na akaandika `3h30`. Kwa msomaji wa Kifaransa hiyo ni usiku wa manane. Kadi yao tukaiandika `9h30 (heure de Tanzanie), 8h30 à Bujumbura et Kalemie`, na hata kwenye kadi ya Kiswahili neno "asubuhi" halikuondolewa ingawa mchapaji wangu aliona linarefusha mstari. Mtu akiingiza 3:30 tupu kwenye kalenda ya simu, simu itamwamsha saa tisa na nusu usiku.

Utagundua pia kadi haisemi "kuanzia saa." Ujumbe wa sherehe husema "kuanzia," na kila mtu anajipimia. Kadi ya hafla yenye mgeni rasmi inasema saa ya kuwa umeketi. Kwenye ratiba yetu ya ndani mgeni rasmi anafika saa 4:00, yaani kuna nusu saa ya kuwapanga watu, kuhakikisha viti vya mbele havijakaliwa na wapiga picha, na kumtafuta Mstahiki Meya kama amekaa nyuma kwa unyenyekevu wake. Saa 4:00 haikuandikwa kwenye kadi. Ukiiandika, watu watafika saa 4:00.

Nilipopewa orodha ya majina niyaandike kwa mkono, niliipitia yote mara mbili. Kulikuwa na viongozi, benki, wasambazaji wa mashine, wateja. Wavuvi hawakuwamo. Wala wanawake wa mwaloni wanaoanika na kupanga dagaa, ambao kampuni imenunua mzigo wao miaka yote 10. Nilipouliza, nikajibiwa, "Hao tutawaambia kwa mdomo, wako hapahapa."

Sikukubali, na nilisema wazi. Kuambiwa kwa mdomo maana yake ni kufika getini bila kadi siku ambayo walinzi wameambiwa kila mtu aonyeshe kadi. Na kama kuna watu ambao bila wao hakuna miaka 10 ya kuadhimisha, ni hao. Meneja wa benki ana kadi za namna hii mezani kila mwezi. Mama aliyeanika dagaa juani miaka 10 akipewa kadi yenye "Bi." na jina lake kamili, limeandikwa kwa wino bila kosa, amealikwa kweli. Bosi alinyamaza, kisha akampigia mtu wa mapokezi ya samaki amletee majina. Yalikuja 22.

Kitu kimoja kilitusaidia bila mtu kukipanga. Wavuvi wa dagaa hapa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali huvuta nyavu pembeni kwa sababu dagaa hawafuati taa. Mwezi utakuwa mpevu tarehe 26 Septemba, kwa hiyo tarehe 24 wengi watakuwa nchi kavu, wamelala usiku kama watu wengine. Ingekuwa katikati ya giza, saa 3:30 asubuhi ingewakuta mwaloni wakipakua mzigo na wanawake wakiwa kwenye vichanja, na kadi zao zingebaki kuwa mapambo ya ukutani. Sasa huwa nauliza kuhusu mwezi kabla ya kuchapa kadi yoyote ya watu wa samaki.

Kwenye majina, vyeo viligawanyika hivi: Mhe. kwa Mkuu wa Mkoa, wakuu wa wilaya, wabunge na madiwani; Mstahiki kwa Meya; Mhashamu kwa Askofu; Sheikh kwa Sheikh; Bw. na Bi. kwa waliobaki wote, awe mkurugenzi wa kampuni au mvuvi. Mtu mwenye udaktari nilimwandikia Dkt. baada ya kuhakikisha kwa simu. Nikiwa na shaka na herufi za jina, napiga simu. Jina lililokosewa kwenye bahasha husomwa kabla ya kadi kufunguliwa.

Tarehe ya kuthibitisha niliiweka siku 10 kabla ya hafla, na namba ya simu ni ya mtu mmoja aliyepewa daftari na kazi hiyo tu. Hapo kwanza walitaka namba ya ofisi. Namba ya ofisi hupokelewa na yeyote aliye karibu, anasema "sawa, tumesikia," na haandiki. Huyu mwenye daftari ana safu tatu: anakuja, haji, hajajibu. Tarehe 15 atawapigia wale wa safu ya tatu, mmoja mmoja. Wavuvi na mama wa mwaloni hatawapigia simu. Ataenda Kibirizi mwenyewe jioni, wakiwa wametulia.

Kadi zimechapwa kwenye karatasi ngumu ya gramu 300, zimebaki 12 za akiba zisizo na majina, kwa ajili ya atakayekumbukwa baadaye au atakayekuja kuwakilisha. Kilichobaki ni jiwe la uzinduzi, na hilo ni tofauti na kadi kwa sababu lazima libebe jina la mtu aliyezindua. Fundi wa marumaru alishapigiwa simu na bosi aanze kuchonga. Nimemwomba bosi amsimamishe. Achonge jina la kampuni, kinachozinduliwa na tarehe, nafasi ya jina iachwe tupu mpaka jioni ya tarehe 22, ofisi ya Mkuu wa Mkoa itakapothibitisha ni yeye anayekuja au mwakilishi wake. Fundi anasema mstari mmoja unamchukua nusu siku, kwa hiyo tarehe 23 inamtosha.